Usiniambie "nina modi zote": nipe orodha yenye alama za faili

Wiki iliyopita msomaji aliniandikia: "Seva yenu mnawabagua wageni, kila nikiingia natupwa nje." Niliumia, nisiseme uongo. Seva ile ya Minecraft 1.20.1 inayotumia Forge nimeihudumia kwa miezi, bure, halafu naitwa mbaguzi. Nilipoangalia vizuri, lakini, kosa la kwanza lilikuwa langu.

Ijumaa usiku nilikuwa nimesasisha modi moja ya kuhifadhi vitu (jina lake nimelibadilisha hapa, tuiite maghala) kutoka 2.3.1 kwenda 2.4.0. Orodha niliyowagawia wachezaji ilikuwa majina matupu: "maghala", "ramani", na kadhalika, modi 64. Kila mtu alishusha toleo alilolikuta siku aliyoshusha. Kwa hiyo wa Alhamisi na wa Jumamosi walikuwa na "orodha ile ile", huku mafaili yao ni tofauti.

Nilimwomba yule msomaji anitumie `logs/latest.log`. Watu wengi hutuma picha ya skrini iliyokatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndiyo yenye jibu. Karibu na mwisho wa faili lake nikakuta mstari huu:

```
Channels [maghala:main] rejected their server side version number
```

Maana yake si kwamba seva imemkataa yeye. Kabla ya kumruhusu mtu kuingia, pande mbili hubadilishana orodha za modi na chaneli zake za mawasiliano, na kila modi huulizwa kama inakubali toleo la chaneli la upande wa pili. Hapa maghala ilisema hapana. Angalia kinacholinganishwa: ni namba ya chaneli, ambayo mtengenezaji wa modi huibadilisha anapoona inafaa, na si lazima iende sambamba na toleo la modi. Ndiyo sababu mara nyingine mwenye toleo la zamani anaingia bila shida, kisha mambo yanaharibika ndani ya mchezo. Kuingia si ushahidi kwamba mko sawa.

Nikamwambia aweke 2.4.0. Akajibu ameweka. Akatupwa tena, kwa mstari ule ule. Hapo nilianza kukasirika, na yeye pia. Tukapoteza jioni nzima, na sitaisimulia.

Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Ndani ya folda ya `mods` ya seva nikatengeneza alama ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaobadilika kilichomo kikibadilika hata kidogo:

```
sha256sum *.jar > ../orodha.txt
```

Yeye akaiweka `orodha.txt` nje kidogo ya folda yake ya `mods`, kisha akiwa ndani ya folda hiyo akaandika:

```
sha256sum -c ../orodha.txt
```

Mistari 63 ikasema OK. Mmoja ukasema `maghala-2.4.0.jar: FAILED`. Jina sahihi, kilichomo si chenyewe. Alikuwa amechukua faili la zamani akalibadilisha jina! Aliona orodha yangu mpya, akadhani jina ndilo linalosomwa. Forge husoma toleo la modi kutoka `META-INF/mods.toml` iliyo ndani ya jar, jina la nje halina habari nalo. Alishusha faili halisi, akaingia dakika hiyo hiyo. Hajaniomba radhi bado, ila simdai.

Wenye Windows, `Get-FileHash *.jar` ndani ya PowerShell inatoa alama hizo hizo, ila mtalinganisha wenyewe.

Kipimo hiki kina tundu moja. `-c` hukagua yaliyoandikwa kwenye orodha tu; jar ya ziada kwenye folda ya mchezaji haitajwi kabisa. Modi ya ziada ya kuongeza mwanga au kuonyesha ramani ndogo kwa kawaida haina neno, kwa kuwa inafanya kazi upande wa mchezaji peke yake. Inayoongeza vitu vipya ulimwenguni, au inayotaka seva nayo iwe na chaneli yake, inaweza kukutupa nje hata kama zile 64 ziko sawa. Kwa hiyo hesabuni mafaili, na kila la ziada mwenye nalo alieleze.

Sasa wenye seva wenzangu, sikilizeni. Ukigusa toleo moja, gawa orodha upya usiku huo huo, usingoje malalamiko. Afadhali zaidi, acha kugawa majina na ugawe kifurushi chenyewe: faili la `.mrpack` hubeba ndani yake `modrinth.index.json`, ambamo kila modi ina kiungo chake na alama zake za sha1 na sha512, na programu ya kuwashia mchezo inashusha faili lile lile, si "jipya kuliko yote". Kama ningefanya hivyo Ijumaa ile, nisingeitwa mbaguzi. Nimekibandika kifurushi kipya leo asubuhi, namba yake ni 1.7, na wenye 1.6 mtatupwa nje mpaka mkibadilishe.