Maombi ya kiwanja kwa mkono

"Napeleka maombi ya kiwanja halmashauri kwa mkono. Wakisema hawajayaona, nitathibitishaje?"

Chapisha barua ya kuwasilishia maombi nakala mbili, zote uzisaini. Chini ya saini orodhesha viambatisho kimoja kimoja pamoja na idadi ya kurasa: fomu 4, kitambulisho 1, risiti ya malipo 1. Orodha hiyo ndiyo kinga yako, maana mhuri kwenye barua tupu unathibitisha barua tu. Anwani iwe ya Mkurugenzi, lakini uipeleke masjala, si mezani kwa afisa ardhi. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelea, na uhakikishe tarehe inasomeka, jina na saini ya mpokeaji zipo. Omba na namba ya jalada, utaihitaji ukifuatilia.

— Mbona kusaini daftari la masjala kunatosha?

Kunasaidia, ila daftari linabaki kwao. Angalau lipige picha ukurasa huo, wakikuruhusu.

— Mimi waligoma kugonga, wakasema mhuri upo kwa bosi. Nilituma kwa EMS.

Hiyo nayo njia, tunza risiti. Ila risiti inathibitisha bahasha imetumwa, si kilichomo.