Swali la lugha: "Bila kikomo" au "zisizo na kikomo"?

*Shikamoo mwalimu. Tumetengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za duka, ina vifurushi vitatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Wateja wanapiga simu kuuliza tofauti ni ipi, na kila kitu tumekiandika. Cha kwanza tumesema "Utapata ankara 30 kwa mwezi", cha pili "Tuma ankara zisizo na kikomo", cha tatu "Ankara bila ukomo na watumiaji wengi". Bei ya Fedha ni "Sh 25,000 kwa mwezi ukilipia mwaka". Kasoro iko wapi? — Msomaji, Mwanza*

Marahaba. Sarufi yenu haina neno, na mwalimu wa insha angewapa alama nzuri. Tatizo ni kwamba mmeandika insha mahali panapotakiwa jedwali. Shuleni tulifundishwa tusirudie neno, kwa hiyo mkono ukishaandika "kikomo" mara moja, mara ya pili unatafuta "ukomo". Mwenye duka hajui kwamba mlikuwa mnapamba lugha. Akiona "zisizo na kikomo" huku na "bila ukomo" kule, anadhani ni vitu viwili, na hapo ndipo anapopiga simu. Kwenye ukurasa wa bei, kitu kimoja kiitwe jina moja kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama sikio linachoka.

Chagueni "bila kikomo". Maana zenu mbili zinalingana, lakini "bila" halina upatanisho. Ukitumia "-sio na", kila mstari utakudai umbo lake: ankara zisizo na kikomo, watumiaji wasio na kikomo, matawi yasiyo na kikomo. Jicho linaloshuka kwenye safu linakuta maneno matatu yenye sura tofauti kwa jambo lile lile. "Bila kikomo" linakaa kila mahali bila kubadilika.

Dawa ya upatanisho ni hiyo hiyo kwa tarakimu. Nomino ikae kushoto, mwanzo wa mstari, na muda wake pia. Kwenye visanduku ibaki idadi tupu. Mkiandika "mtumiaji 1", "watumiaji 3", "watumiaji 10", msomaji anasoma neno moja mara tatu ili apate namba tatu. Na "wengi" liondoeni kabisa. Kwa mwenye kioski wengi ni watatu, kwa mwenye duka la jumla ni ishirini.

Kabla sijawaonyesha jedwali, niseme juu ya majina. Shaba, Fedha na Dhahabu yanapangika vizuri kwenye medali, ila hii ni programu ya hesabu. "Kifurushi cha Fedha" kitasomwa kuwa ni kifurushi cha mambo ya pesa, na mtu atajiuliza kama hicho cha Shaba hakihusiki na pesa. Zaidi ya hapo, madini hayamwambii mtu yeye ni wa wapi. Mpeni jina linalomtaja mnunuzi: Duka Moja, Duka na Wafanyakazi, Matawi. Mama mwenye duka la vitenge na msaidizi mmoja atajiona kwenye jina la pili kabla hajafika kwenye bei.

Nimechukua vifurushi vyenu nikavipanga hivi (idadi za watumiaji na matawi, na alama za daftari la madeni, nimezikisia, mtaweka zenu):

| | Duka Moja | Duka na Wafanyakazi | Matawi |
|---|---|---|---|
| Ankara kila mwezi | hadi 30 | bila kikomo | bila kikomo |
| Watumiaji | 1 | hadi 3 | hadi 10 |
| Matawi | 1 | 1 | hadi 5 |
| Daftari la madeni | — | ✓ | ✓ |

Tazama mstari wa ankara. Sasa inaonekana wazi kwamba kifurushi cha pili na cha tatu vinalingana hapo, na kwamba anayelipa zaidi analipia watumiaji na matawi. Maelezo yenu ya awali yaliificha tofauti hiyo kwenye mkia wa sentensi.

"Hadi 30" maana yake ya thelathini imo. "Chini ya 30" inaishia 29, basi msibadilishane. Lakini "hadi" peke yake halisemi nini kinatokea kwenye ankara ya 31, na hilo ndilo swali la mfanyabiashara ambaye mwezi wa Desemba humwendea mbio. Chini ya jedwali wekeni sentensi moja: "Ukifikisha ankara 30, za zamani utaendelea kuziona, ila mpya utazitoa mwezi ujao au ukipanda kifurushi." Kama programu inafanya vingine, semeni inavyofanya.

Kwa alama nimetumia tiki na mstari kwa sababu "ipo" nalo linadai upatanisho: ripoti ipo, madeni yapo, mkopo upo. "Watumiaji" nimelibakiza, lakini msiliite "akaunti". Katika programu ya hesabu, akaunti ni ya benki, au ni ya vitabu vya hesabu, na "akaunti 3" itamfanya mtu adhani anaruhusiwa kuunganisha benki tatu. Vivyo hivyo "wateja": je, ni wateja wenu nyinyi, au wale wanaomkopa yeye dukani? Semeni "wateja wako" pale mnapomaanisha wanaomkopa.

Sasa bei, ambayo ndiyo inayoleta ugomvi. "Sh 25,000 kwa mwezi ukilipia mwaka" ni kweli kwa hesabu, ila msomaji anaichukua 25,000, anaiweka akiba kwenye simu, halafu anakutana na 300,000. "Kwa mwezi" hutaja kiwango, halitaji siku ya kutoa pesa. Kinachotaja zamu ya malipo ni "kila". Kwa hiyo andikeni kiasi kinachotoka mfukoni kwanza, kiwango kifuate:

"Sh 300,000 kila mwaka, kwa mkupuo mmoja. Ni sawa na Sh 25,000 kwa mwezi."

Na pembeni yake, kama bei ya kulipa mwezi kwa mwezi ni Sh 30,000: "Sh 30,000 kila mwezi." Miezi 12 ni 360,000, hivyo punguzo ni Sh 60,000, litajeni kwa shilingi. "Miezi 2 bure" inavutia, lakini mmoja ataelewa kuwa analipa kumi anapata kumi na mbili, mwingine kwamba analipa kumi na mbili anapata kumi na nne, na wote wawili wana haki. Msiandike pia "unalipa mara moja". Maneno hayo yana maana mbili: malipo mamoja tu, au sasa hivi bila kuchelewa. Wapo watakaoelewa kwamba wakishalipa hawatalipa tena maisha.

Juu ya bei zote semeni kama VAT imo au haimo, na iwe hivyo hivyo kwa vifurushi vyote vitatu. Kuandika "VAT imo" kwenye kimoja na kunyamaza kwenye viwili kunamlazimisha mtu akisie.

Mkiweka muda wa majaribio, "Jaribu bure siku 14" inatosha kwenye kitufe, mradi chini yake muongeze kinachotokea siku ya 15. Neno la mjini ni kukata: "Hatutakukata chochote hadi uchague kifurushi." Kama mnakata wenyewe bila kuuliza, basi andikeni "Siku ya 15 utakatwa Sh 30,000, usipositisha kabla," kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa kitufe.