Tangazo la sekunde 30 sokoni: hesabu irabu kabla hujahesabu pesa

Msomaji mmoja ametuma skripti yake ya tangazo la redio la huduma ya pesa kwa simu. Soko limo, kelele zimo, wahusika ni watano, na msimulizi anaeleza menyu yote kuanzia kupiga namba hadi salio. Anauliza kwa nini mteja wake, yaani kampuni yenye huduma, ameirudisha. Ukiisoma kwa sauti, bila papara, inapita dakika moja. Kituo cha redio kimeuza sekunde 30 tu. Ukizidisha, ama faili litarudishwa, ama litakatwa mkia, na mkiani ndipo kunapokaa jina la huduma.

Kosa linaanzia kwenye kuhesabu maneno. Kiswahili hakipimiki kwa maneno, maana "na" ni neno na "kuzingatiwa" nalo ni neno. Hesabu irabu. Kila irabu ni silabi moja, na ukikutana na "m" inayojitegemea kama kwenye "mtoto", ongeza moja. Msomaji wa tangazo anayeeleweka anakwenda kama silabi tano kwa sekunde. Mtu anaweza kusema haraka zaidi, lakini kukiwa na kelele za soko nyuma yake, msikilizaji aliye kwenye daladala hatapata kitu. Kwa hiyo sekunde 30 ni silabi 150, tena kama hakuna mlio wowote wala pumzi. Soko linakula sekunde nane hivi. Zinabaki silabi 110 hivi, nawe uridhike nazo.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, ondoa madeni. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" ni silabi 12, zaidi ya sekunde mbili, na hukwepi. Jina la huduma na ahadi yake ni sekunde tatu nyingine. Kinachobaki kinatosha tatizo moja tu la sokoni. Usiweke kutuma kijijini, kukopa na kulipa luku katika tangazo hilo hilo. Tatizo ambalo kila muuza mboga na kila mnunuzi analijua ni chenji, basi tulichukue hilo. Hii hapa skripti nzima, soko la Ilala, asubuhi:

(Sekunde 3: tenga linatua chini, watu wanaitana bei. Kelele zinashuka, hazikatiki.)
MTEJA: Mama, nipe nyanya za elfu tatu. [11]
(Sekunde 1: noti inakunjuliwa.)
MUUZAJI: Elfu kumi nzima? Chenji sina, mwanangu. [13]
MTEJA: Ngoja nikatafute. [7]
MUUZAJI: Uende wapi! Lipa Namba hiyo hapo kibaoni. [17]
(Sekunde 3: vibonyezo vya simu.)
MTEJA: "Mama Zai Mbogamboga", ni wewe? [11]
MUUZAJI: Mwenyewe! [3]
(Sekunde 1: mlio wa ujumbe.)
MUUZAJI: Imeingia. Chukua na pilipili. [13]
MSIMULIZI: (Jina la huduma, silabi 4.) Lipa Namba, bila kutafuta chenji. [16]
MSIMULIZI: Vigezo na masharti kuzingatiwa. [12]

Jumla ni silabi 103, yaani sekunde 20 na nusu hivi, na milio ni sekunde 8. Inabaki sekunde moja na kidogo ya pumzi. Jina la huduma ya mteja wako likiwa refu kuliko silabi nne, punguza pengine. Usimwambie msimulizi akimbie.

Tazama bei. "Elfu tatu" ni silabi nne. Ukiandika "shilingi elfu tatu mia saba na hamsini" umetumia 15, sekunde tatu nzima, na hakuna aliyejifunza kitu. Noti nayo imeitwa "elfu kumi", si "msimbazi". Dar es Salaam wote wataelewa, ila tangazo hilo hilo litasikika Mbeya na Mwanza, na hakuna meneja masoko anayetaka kuwaudhi mashabiki wa Yanga kwa jina la mtaa wa Simba, kisa fungu la nyanya.

Muuzaji hasemi "tuma kwenye namba hii" popote. Hii si bahati mbaya. Watanzania wamepokea ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hadi umekuwa utani wa mitaani. Ukiuweka mdomoni mwa mhusika wako, umeifanya huduma unayoiuza inuke utapeli. Kibao kilichobandikwa kwenye meza kinasemwa kwa kuonyeshwa tu. Usisomeshe tarakimu zake pia. Hakuna anayezikumbuka, na zinaweza kuwa za biashara ya mtu halisi.

Kwa sababu hiyo hiyo mnunuzi kwenye skripti anasoma jina la biashara kabla ya kumaliza, na muuzaji anangoja ujumbe wake mwenyewe ndipo aseme "imeingia". Waandishi wengi hufuta mistari hiyo miwili ili kupata nafasi ya sifa. Ukiifuta, muuzaji anatoa mzigo kwa kuonyeshwa simu ya mnunuzi, na hivyo ndivyo wenye meza wanavyoibiwa kwa ujumbe wa kughushi. Wafanyabiashara wanaosikiliza wataligundua hilo kabla yako. Namba ya siri nayo isitajwe na mtu yeyote, hata kwa mzaha. Inasikika kama vibonyezo tu.

Neno "bure" usiliandike mpaka mteja wako akuonyeshe jedwali la makato na wewe uone sifuri kwa macho yako. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, masikio ya watu kwa neno hilo yamekuwa makali. Ikiwa mnunuzi hakatwi ila muuzaji anakatwa, "bure" ni uongo kwa nusu ya wasikilizaji wako. "Bila kutafuta chenji" hakuna wa kuipinga.

Kelele zenyewe ziandikwe kwa jina. Ukiandika "kelele za soko" tu, fundi mitambo atakuwekea umati ambao unaweza kuwa wa uwanja wa mpira. Andika tenga, andika mizani, andika mkokoteni. Mkienda kurekodi sokoni, wahini kabla vile vipaza sauti vya betri havijaanza kurudiarudia bei, kwa sababu maneno yake yatagombana na ya wahusika na hayafutiki. Muziki wa duka la jirani ukiingia, una mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Adhana ikiingia, rudieni.

Skripti ipimwe na watu wawili waliosimama, saa mkononi, wakigonga meza kwa kila mlio. Kusoma kimoyomoyo hudanganya kila mara.

Mteja akishakubali ataomba na toleo la sekunde 15. Bakiza "Chenji sina, mwanangu", "Lipa Namba hiyo hapo", "Imeingia", kisha mistari miwili ya msimulizi. Ni silabi 48, pamoja na sekunde mbili za tenga, mbili za vibonyezo na moja ya ujumbe. Jina la Mama Zai litakosekana, kwa hiyo toleo hilo lisirushwe peke yake wiki za mwanzo. Lifuate baada ya lile refu kuzoeleka.