Mashine ndogo ina asilimia kubwa, mashine kubwa ina pesa nyingi: tuchukue ipi?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mhasibu wa biashara ya familia hapa Morogoro. Tuna kibanda kimoja chenye umeme wa fezi tatu na tunataka kuweka mashine ya nafaka, moja tu, maana nafasi haitoshi mbili. Ndogo, ya kusaga dona peke yake, ni shilingi milioni 20 na tunatarajia itabakiza milioni 10 kila mwaka kwa miaka 4. Kubwa, ya kukoboa na kusaga sembe, ni milioni 60 na itabakiza milioni 26 kila mwaka kwa miaka hiyo hiyo. Gharama ya mtaji nimeweka asilimia 16. Excel inanipa IRR ya 34.9 kwa ndogo na 26.3 kwa kubwa, lakini NPV ya kubwa ndiyo iliyo juu. Kaka yangu anasema asilimia haidanganyi. Nimsikilize?

Jibu: Salama kabisa, ndugu mhasibu. Kama hiyo asilimia 16 ni ya kweli na milioni 60 zinapatikana, chukueni kubwa. Hesabu za kaka yako ziko sawa. Tatizo ni kwamba zinajibu swali ambalo nyie hamjaulizwa.

IRR ni kile kiwango cha punguzo ambacho ukikitumia, thamani ya leo ya mapato yote inalingana kabisa na bei ya mashine, yaani NPV, ambayo ni thamani hiyo ya leo ukitoa bei, inabaki sifuri. Kwa hiyo inakuambia kila shilingi iliyo ndani ya mradi inazalisha kwa kasi gani. Haikuambii shilingi zenyewe ni ngapi. Mashine ndogo inazizungusha milioni 20 kwa kasi ya asilimia 34.9, na hizo zingine 40 haina habari nazo. NPV inapimwa kwa shilingi: kwa asilimia 16, ndogo inaiongezea familia milioni 7.98 za leo, na kubwa inaiongezea milioni 12.75. Ada za shule na mishahara havilipwi kwa asilimia.

Kama miradi ingekuwa haigombanii kibanda, msingekuwa na la kubishania, kwa sababu kila mmoja una IRR inayozidi 16 na NPV iliyo juu ya sifuri, mngefanya yote miwili. Mgongano unaonekana pale tu mnapolazimika kuacha mmoja. Hapo ndipo inabidi mpime kile mnachoongeza mkihama kutoka ndogo kwenda kubwa. Toa ndogo kwenye kubwa, mwaka kwa mwaka. Leo mnatoa milioni 40 za ziada, halafu kila mwaka kwa miaka 4 mnapokea milioni 16 za ziada. Huo ni mradi wa tatu uliojificha katikati ya hiyo miwili, na IRR yake ni asilimia 21.9. Mtaji wenu una gharama ya asilimia 16. Milioni 40 hizo zinalipa 21.9, kwa hiyo zinastahili kuingia, na NPV yake ni milioni 4.77, ambayo ndiyo tofauti ya 12.75 na 7.98. Yaani IRR ikiulizwa swali lililo sahihi, inakubaliana na NPV.

Huyo kaka mwulize hivi: tukichukua ndogo, milioni 40 zinazobaki tunazipeleka wapi? Akikuonyesha pa kuziweka zikapata zaidi ya asilimia 21.9 kwa mwaka, kwa hatari ile ile na kwa muda ule ule, basi ndogo pamoja na hiyo biashara nyingine inaishinda kubwa. Zikienda mahali panapolipa 16, ambayo ndiyo gharama yake, haziongezi kitu, na mnabaki na zile 7.98. Vitabu vingi husema kwamba IRR inachukulia mapato yanawekezwa tena kwa kiwango hicho hicho cha IRR. Mimi sipendi kulieleza hivyo, kwa sababu mtu hubaki anafikiri kuna kitu kimefichwa ndani ya fomula. Ndani ya fomula hakuna kitu cha namna hiyo. Anayechukulia ni yule anayepanga miradi kwa asilimia bila kuuliza pesa iliyobaki nje inafanya kazi gani.

Ile 21.9 ina kazi nyingine pia. Ndicho kiwango ambacho NPV za mashine zote mbili zinalingana. Gharama ya mtaji ikiwa chini yake, kubwa inaongoza. Ikiwa juu yake, ndogo inaongoza. Jaribu asilimia 24 utaona: ndogo inabaki na NPV ya milioni 4.04 na kubwa inashuka hadi 2.51. Kubwa ndiyo inayoumia zaidi riba ikipanda, kwa sababu imefunga pesa nyingi zaidi ikisubiri mapato ya miaka ya mbele.

Kwa hiyo ubishi wenu hasa uhamie kwenye ile 16. Imetoka wapi? Kama ni riba ya benki mliyoandikiwa kwa mwaka, kumbukeni kwamba hata pesa ya familia ina gharama, nayo kwa kawaida haipaswi kuwa chini ya riba ya benki, kwa sababu mwenye mali ndiye anayelipwa mwisho mambo yakiharibika. Na kama sehemu ya mkopo inatoka kwa mkopeshaji anayetoza kwa mwezi, usizidishe kwa 12 ukaishia hapo. Asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio inakuwa asilimia 26.8 kwa mwaka, siyo 24, na kwa kiwango hicho mashine kubwa ina NPV hasi wakati ndogo bado inalipa. Ikiwa riba inakokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo hata baada ya kuanza kurejesha, gharama halisi inazidi hapo.

Angalia pia kwamba milioni 10 na milioni 26 ni pesa iliyobaki kabla ya kulipa marejesho ya mkopo. Nimeona mahesabu mengi ambapo riba imeshatolewa kwenye mapato, kisha mapato hayo hayo yanapunguzwa tena kwa asilimia 16. Hapo riba imekatwa mara mbili, na anayeonewa zaidi ni mradi uliokopewa pesa nyingi.

Kwenye Excel, weka mwaka wa leo kwenye safu B, bei ya mashine ikiandikwa kwa alama ya hasi, na miaka 4 kwenye C hadi F. Mstari wa 2 uwe wa mashine ndogo, wa 3 uwe wa kubwa, na wa 4 uwe tofauti, kubwa kutoa ndogo.

```
B4:  =B3-B2        (nakili hadi F4)
H2:  =NPV(16%,C2:F2)+B2
H3:  =NPV(16%,C3:F3)+B3
I4:  =IRR(B4:F4)
```

Zingatia jinsi B2 ilivyokaa nje ya mabano. Fomula ya `NPV` huchukulia kwamba namba ya kwanza unayoipa inatokea mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiweka bei ya mashine ndani, inapunguzwa mwaka mzima kana kwamba muuzaji amekukopesha, na kila kitu kinachofuata kinasogea mwaka mmoja. Ungepata 6.88 na 10.99 badala ya 7.98 na 12.75. Mpangilio haubadiliki, ndiyo maana kosa hili huishi kwa miaka bila kukamatwa, lakini shilingi unazopeleka kwenye kikao siyo za kweli. Na siku zote toa mradi mdogo kwenye mkubwa, ili mstari wa tofauti uanze na hasi. Ukigeuza, namba ya IRR itatoka ile ile lakini maana yake itageuka: utakuwa unasoma riba ya mkopo ukidhani ni faida.

Njia hii ya tofauti ina mpaka wake. Inakwenda vizuri mstari ukiwa na hasi mwanzoni na chanya baada ya hapo. Kama mwaka wa 3 kubwa inahitaji mota mpya ya bei nzito, tofauti inaweza kurudi kuwa hasi katikati, na mstari wa namna hiyo unaweza kuwa na IRR zaidi ya moja. Excel itakuonyesha moja bila kukuambia kuna nyingine. Ukiona alama imebadilika zaidi ya mara moja, achana na IRR, linganisha NPV peke yake. Na kama mashine moja ingedumu miaka 4 na nyingine 8, hata NPV zisingelinganishwa moja kwa moja. Ingebidi kwanza kila NPV igeuzwe kuwa kiasi sawa cha kila mwaka.

Sasa niseme kinachonisumbua zaidi kwenye swali lako, nacho si IRR. Ni ile milioni 26. Kubwa ili ilingane na ndogo kwa asilimia 16, inatosha ibakize milioni 24.3 kwa mwaka. Ikishuka chini ya hapo, ndogo inashinda. Hiyo ni pungufu ya asilimia 6.6 tu ya makadirio yako, na sijui mhasibu yeyote anayekadiria biashara ya sembe kwa usahihi wa namna hiyo. Hata pungufu likizipiga mashine zote mbili kwa uwiano mmoja, asilimia 10.7 inatosha kuipindua kubwa.

Ifanye namba hiyo iwe magunia. Tuseme, kwa mfano, ile milioni 16 ya ziada inatoka kwenye kukoboa, na kila kilo inawabakizia shilingi 50 baada ya luku, mishahara na vipuri. Milioni 16 ni kilo 320,000 kwa mwaka, na kwa siku 300 za kazi ni kama kilo 1,067 kwa siku. Kubwa inaacha kushinda pale ziada hiyo inaposhuka hadi milioni 14.3, ambayo ni kilo 953 kwa siku. Katikati hapo pana kilo 114, yaani gunia moja na kidogo. Weka bei zenu halisi mahali pa hiyo 50, kisha mtume mtu akakae karibu na mashine za kukoboa za jirani ahesabu mahindi yanayoingia, na asiende msimu wa mavuno peke yake. Aende pia kabla ya mavuno, wakati maghala ni matupu na wateja wanaleta debe badala ya gunia.