Kufuatisha sauti ya Kifaransa, kipande kifupi kila siku

"Nasikiliza Kifaransa kila siku, ila nikifungua mdomo maneno hayatoki. Nifanyeje?"

Ndugu, punguza urefu wa unachosikiliza. Chukua sekunde 30 tu za Journal en français facile, taarifa ya habari ya Kifaransa rahisi ya redio RFI, kwa kuwa huja na maandishi yake. Sikiliza mara mbili bila kusoma, kisha soma. Halafu sema pamoja na mtangazaji, ukiwa nyuma yake kidogo tu, bila kusimamisha sauti hata ukikosea. Mwisho jirekodi kwa simu, ulinganishe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hupotea pale maneno yanapoungana. "Ils ont" (wana) husikika "ilzon", na "ils sont" (wao ni) husikika "ilson". Ukiteleza hapo, maana imebadilika. Rudia hapo tu, polepole, kisha kwa kasi yake.

Weka kengele ya simu saa 1 usiku, na daftarini andika mstari mmoja:

Jumanne, sek. 30, "ils ont" bado natoa s.

Kosa lilelile likijirudia wiki nzima, mpelekee mwalimu rekodi, maana sikio lako huenda bado halilitambui. Koo likikauka, pumzika.