Puto la mwisho ndilo la kuuliza kwanza

Swali lenyewe ni fupi. Una maputo yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja lina namba. Ukipasua puto, unapata sarafu sawa na namba yake mara namba ya jirani wa kushoto mara namba ya jirani wa kulia. Likishapasuka linatoka kwenye mstari, na majirani zake wawili wanakutana. Upande usio na jirani huhesabiwa 1. Pasua yote, upate sarafu nyingi kadiri inavyowezekana.

Mimi nilipoteza jioni tatu kwa swali hili, na nataka usizipoteze wewe. Kosa langu halikuwa kwenye msimbo. Nilikuwa nauliza: nianze na puto gani?

Chukua mstari wa 3, 2, 5, 4. Wazo la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni kupasua kila mara puto linalolipa zaidi kwa wakati huo. Hapa linalolipa zaidi ni la 5, maana 2×5×4 ni 40. Yanabaki 3, 2, 4. Sasa la 2 linalipa 24, kisha la 3 linalipa 12, na la 4 likibaki peke yake linalipa 4. Jumla 80. Lakini ukianza na la 2 unapata 30 tu, halafu la 5 linajikuta katikati ya 3 na 4, linalipa 60. Ukimalizia na la 3 kwa 12 na la 4 kwa 4, jumla ni 106. Tamaa ya hatua ya kwanza imekula sarafu 26.

Basi nikasema nitajaribu kila puto kama la kwanza, nigawe mstari kushoto na kulia, kila upande nitafute jibu lake, nijumlishe. Hapo ndipo nilipokwama. Ukipasua la 2 kwanza, kushoto linabaki la 3, kulia yanabaki 5 na 4. Je, jirani wa kulia wa lile la 3 ni nani litakapopasuka? Huenda ni 5. Huenda ni 4, kama 5 limeshatoka. Huenda hayupo kabisa. Kwa hiyo upande wa kushoto hauwezi kujua malipo yake bila kujua kinachoendelea upande wa kulia. Ulidhani umeukata mstari vipande viwili, kumbe umeondoa ukuta uliokuwa unavitenganisha.

Geuza swali. Uliza: kati ya haya yote, ni puto gani litapasuka la mwisho? Tuseme ni la 5. Basi muda wote ambao mengine yanapasuka, 5 limesimama pale pale. Yaliyo kushoto kwake, 3 na 2, yana ukuta wa 1 upande mmoja na 5 upande wa pili. La 4 lililo kulia lina 5 upande mmoja na ukuta wa 1 upande wa pili. Pande hizi mbili hazionani. Kila moja inaweza kuhesabiwa peke yake, na haijalishi upi unatangulia. Na 5 lenyewe likifika zamu yake, majirani zake wanajulikana tangu mwanzo: ni kuta mbili za nje, basi linalipa 1×5×1.

Hii ndiyo siri yote. Mbinu ya kuhifadhi majibu ya vipande vidogo ili kujenga vikubwa, ile inayoitwa dainamiki programingi, inahitaji vipande visivyotegemeana. Kuuliza la mwisho kunakupa vipande vya namna hiyo.

Ongeza 1 mwanzoni na 1 mwishoni: 1, 3, 2, 5, 4, 1. Nafasi ni 0 hadi 5. Acha `dp[l][r]` iwe sarafu nyingi zaidi unazoweza kupata kwa kupasua maputo yote yaliyo katikati ya `l` na `r`, huku `l` na `r` zenyewe zikiwa bado zimesimama. Rudia maneno hayo ya mwisho mpaka yakukae, kwa sababu mipaka haipasuki ndani ya kipande chake. Na `k` ni puto tunalojaribu kuliacha la mwisho ndani ya kipande hicho.

```python
def sarafu(namba):
    a = [1] + namba + [1]
    n = len(a)
    dp = [[0] * n for _ in range(n)]
    for l in range(n - 3, -1, -1):
        for r in range(l + 2, n):
            for k in range(l + 1, r):
                jumla = dp[l][k] + dp[k][r] + a[l] * a[k] * a[r]
                dp[l][r] = max(dp[l][r], jumla)
    return dp[0][n - 1]
```

Kwa mstari wetu, jaribu kila puto kama la mwisho. La 3 linaleta 105. La 2 linaleta 56. La 5 linaleta 70. La 4 linaleta 106. Tazama vizuri: puto kubwa kuliko yote likiachwa mwisho linaleta 70 tu. Nimeona watu wakikimbilia kanuni ya "hifadhi kubwa mpaka mwisho", na mfano huu mdogo unaiangusha. La 5 lilitakiwa lipasuke likiwa limebanwa na 3 na 4.

Makosa mawili ningependa uyatambue kwa jibu lake, maana yote mawili niliyafanya.

La kwanza ni kuandika `a[k-1] * a[k] * a[k+1]` badala ya `a[l] * a[k] * a[r]`. Mkono unakwenda wenyewe, kwa kuwa ndivyo swali lilivyosema: majirani. Lakini wakati `k` linapasuka la mwisho kwenye kipande chake, majirani wa asili wameshaondoka, isipokuwa wale ambao ndio mipaka yenyewe. Ukikosea hapa utapata 96, yaani 6 + 30 + 40 + 20, na utaipata hiyo hiyo hata ukiondoa `max` na kuchagua `k` yoyote. Kila puto limepewa malipo yasiyobadilika, basi mpangilio hauna maana tena. Ukiona jibu lako linalingana na jumla ya malipo ya maputo kabla lolote halijapasuka, kagua mstari huo.

La pili ni kuzungusha `l` kutoka 0 kwenda juu. Hapo `dp[k][r]` bado ni sifuri unapoihitaji, na upande wa kulia unapotea kimya kimya, bila hitilafu yoyote kwenye skrini. Mfano wetu unatoa 40, ambayo ni malipo ya kupasua kutoka kushoto kwenda kulia bila kuchagua chochote. Ama teremsha `l` kama nilivyofanya, ama zungusha kwa urefu wa kipande, vifupi vikitangulia.

Kuhusu kasi sina mengi ya kusema. Kwa maputo 300, mstari ulio ndani kabisa unatekelezwa mara 4,545,100, kazi ndogo kwa kompyuta. Kujaribu kila mpangilio kunafaa kwa maputo machache tu (saba yana mipangilio 5,040), lakini usikudharau: andika toleo hilo la polepole, tengeneza mistari mifupi ya kubahatisha, linganisha majibu. Kwangu ndilo lililoyafichua makosa yote mawili.

Na ukitaka mpangilio wenyewe, hifadhi `k` iliyoshinda kwa kila kipande. Kisha kwa kila kipande toa kwanza yaliyo kushoto kwa `k`, halafu ya kulia, halafu `k` yenyewe. Kwa mstari wetu inatoka 2, 5, 3, 4: sarafu 30, 60, 12 na 4.