Nguo inarudi Jumatatu imeshavaliwa Jumamosi, niandike nini dukani?

"Jamani nina duka dogo la nguo za kike hapa Kigoma, watu wananirudishia nguo washazivaa. Nikibandika 'ikiuzwa hairudishwi' naona wateja wanaondoka. Niandike nini?"

Dada pole, hilo limenitesa sana. Mimi nipo Mwanga, nauza magauni na sketi, mzigo nachukua Kariakoo, kwa hiyo gauni likiharibika siwezi kulipata lingine kesho, nasubiri hadi safari ijayo.

Lile bango toa. Limewaweka kapu moja watu wawili tofauti, yule uliyemuuzia kitu kibovu na yule aliyebadili mawazo tu. Wa kwanza ana haki kabisa, na ile Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake, sasa bango lako linamwambia hana haki wakati anayo. Huyu wa pili ndiye unayeweza kumwekea masharti.

Kilichonifundisha ni gauni moja la satini la 85,000. Mama kanunua Ijumaa, Jumatatu kalileta eti halimtoshi, lebo ipo imebanwa na pini. Nikaligeuza ndani nikaona poda kwenye kola na kwapani pamekauka duara jeupe, lile la jasho na dawa ya kwapa. Tukabishana mbele ya wateja wengine nusu saa nzima, nikamrudishia hela ili yaishe, gauni nikaja kuliuza 40,000. Hapo nikajua shida sio yeye tu, ni kwamba sikuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya maneno yangu.

Siku hizi kila gauni la sherehe nalifunga lebo nyekundu kubwa kama kiganja, kwa ule uzi wa plastiki ambao ukikatwa hauungiki, na naifunga kifuani kwa mbele sio shingoni kwa nyuma. Kupima anapima nayo vizuri ila kwenda nayo sendofu haiwezekani. Naipitisha kwenye mshono maana satini ukiitoboa katikati ya kitambaa tundu linabaki. Tangu nianze, yale mabishano ya "sijavaa, umevaa" sijayasikia, lebo ikikatwa mteja mwenyewe anajua.

Siku za kurudisha nazo ziangalie. Nilianza na siku 3, mtu wa Ujiji zinamtosha lakini dada wa Kalya anayesubiri boti nilikuwa namwonea bure. Nikabadilisha, ndani ya siku 3 anipigie au anitumie picha wasapu lebo ikionekana, halafu nguo yenyewe ifike ndani ya siku 10.

Kwenye ubovu ndio usiwe na haraka, kagua mbele yake. Mshono ukifumuka uzi ukakatika lakini kitambaa kizima, huo ni ushonaji mbaya, mzigo wako. Kitambaa kikichanika pembeni ya mshono kwenye nyonga au mgongoni, mara nyingi aliingia saizi isiyo yake, ila kama ndani wameacha upindo mwembamba sana usimlaumu maana satini ya hivyo inachomoka yenyewe. Akisema inachuja rangi, lowesha kitambaa cheupe usugue upindo wa ndani mara kumi, rangi ikitoka nyingi mwache achague, hela au nguo nyingine.

Na hela ya makosa yako irudi yote. Kama alilipa kwa simu, makato ya kutuma beba wewe, usimrudishie 84,000 kwenye 85,000 yake. Aliyebadili mawazo mimi nambadilishia nguo kwa nguo, akichagua ya bei ya chini nampa karatasi ya salio ya miezi 2 yenye sahihi yangu.

Bango langu limeandikwa hivi, liko kaunta usawa wa macho, na nalisoma kwa mdomo KABLA hajalipa, maana akilisikia baada ya kulipa ataona umemtega:

"Nguo yenye kasoro ya dukani: tunabadilisha au tunarudisha hela yote, hata kama lebo imekatwa. Haijakutosha au hujaipenda: tunabadilisha kwa nguo nyingine, lebo nyekundu ikiwa haijakatwa, na risiti. Tujulishe ndani ya siku 3, ilete ndani ya siku 10. Nguo za ndani hatubadilishi kwa saizi wala rangi, ila zikiwa na kasoro lete."

Risiti ya mashine maandishi yake yanafifia haraka hasa ikikaa kwenye pochi juani, kwa hiyo mwambie aipige picha hapohapo, na wewe kwenye daftari andika tarehe, rangi, saizi na bei. Akija hana risiti ila daftari linamtambua, mimi nambadilishia.